Hitilafu ya 502 iliyokuja foleni ikipungua

"Dada, imekataa tena. Mkulima amesimama hapa, mizani inasoma kilo thelathini na mbili, na simu inaniandikia hitilafu ya seva, namba 502."

"Bonyeza tena, kaka."

"Nimebonyeza. Sasa imekubali."

Aliyepiga ni karani wa mizani kwenye mtambo wa kumenya kahawa, juu kidogo ya Moshi. Ilikuwa jioni ya msimu wa mavuno. Kahawa mbivu hailali: ikichumwa leo inatakiwa imenywe leo, la sivyo inaanza kuchacha kwenye gunia. Ndiyo maana wakulima huteremka na mizigo yao alasiri, wote kwa pamoja, na karani hana nafasi ya kubishana na simu.

Nilifungua laptopu na kujaribu kuhifadhi uzani wa uongo. Ikakubali. Nikajaribu kwenye seva ya majaribio. Ikakubali. Nikamwomba mwenzangu ajaribu kwenye prodaksheni yenyewe kwa kituo cha mfano. Ikakubali kwake pia.

Lakini karani hakuwa anatunga.

## Logi iliyokaa kimya

Mfumo wenyewe ni wa kawaida. Simu ya karani inatuma ombi la `POST` kwenda `nginx`, `nginx` inalipitisha kwa programu yetu ya Node kwenye mashine hiyohiyo, mlango wa 3000, na programu inaandika kwenye hifadhidata.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuoanisha saa. Karani alisema saa kumi na moja na dakika hamsini. Seva yetu inaandika saa za UTC, kwa hiyo nilitafuta 14:50, saa tatu nyuma. Kwenye logi ya programu, dakika hiyo ilikuwa safi kabisa. Uzani wa kabla upo, uzani wa baada upo. Katikati hakuna kosa, hakuna onyo, hakuna hata dalili kwamba ombi liliwahi kufika.

Hapo watu wengi husema "mtandao wa kule mlimani" na kufunga mjadala. Mimi mwenyewe nilivutiwa na jibu hilo. Ila mtandao ukikatika, simu haiwezi kupokea namba 502. Namba hiyo inatumwa na seva iliyo hai, na maana yake ni kwamba seva ya mbele imeuliza ya nyuma na haikupata jibu linaloeleweka. Kwa hiyo ombi lilitoka mlimani salama likafika kwenye mashine yetu. Likapotea ndani ya mashine hiyo, kati ya programu mbili zinazokaa pamoja.

Logi ya makosa ya `nginx` ndiyo iliyokuwa na la kusema:

```
[error] recv() failed (104: Connection reset by peer)
while reading response header from upstream,
request: "POST /mizani HTTP/1.1",
upstream: "http://127.0.0.1:3000/mizani"
```

Kwa ufupi: `nginx` inasema ilituma ombi kwa Node, na ilipokuwa inasubiri jibu, Node ikaukata muunganisho ghafla. Node kwa upande wake haijui lolote. Moja imeandika kwamba imekatiwa, nyingine haina kumbukumbu ya kukata.

## Tukaupiga mzigo

Kila mtu aliyesikia habari hii alitoa jibu lilelile: mzigo. Msimu umeanza, vituo vimeongezeka, seva imeelemewa. Jibu hilo lina mantiki, na mwenzangu aliamua kulithibitisha. Usiku, mizani yote ikiwa imelala, aliishambulia prodaksheni kwa maombi mfululizo kupitia kituo cha mfano, mengi kuliko jioni yoyote ya kweli.

Hakupata 502 hata moja.

Jambo hili lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Nilianza kutilia shaka hata logi yenyewe. Kama mzigo mkubwa hauleti hitilafu na ukimya wa usiku hauleti hitilafu, basi inatoka wapi?

Nikampigia karani, si kumpa pole tena bali kumuuliza: hasa hasa inatokea wakati gani? Alijibu bila kufikiri. Foleni ikiwa ndefu haitokei. Inaanza foleni ikipungua, wakulima wakiwa wanakuja mmojammoja.

Sikuwa tayari kusikia hilo. Lakini nilipopanga mistari ya makosa kwa saa, ilikuwa hivyohivyo: michache kwenye kilele, mingi pembeni mwake. Hitilafu hii haikuhitaji msongamano. Ilihitaji nafasi kati ya ombi moja na linalofuata.

## Tofauti tuliyokuwa hatuioni

Tulikuwa tayari tumelinganisha mazingira yote matatu. Toleo la Node ni lilelile, 20. Vifurushi ni vilevile, hifadhidata toleo lilelile, vigezo vya mazingira vimeoana. Orodha yetu ya ulinganisho ilikuwa ndefu na yote ilihusu programu.

Tatizo la orodha hiyo ni kwamba iliandikwa na watu wa programu. Laptopu haina `nginx` kabisa, kivinjari kinazungumza na Node moja kwa moja. Seva ya majaribio inayo, na kwa kuwa inayo tuliihesabu kuwa sawa na prodaksheni. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama zimepangwa sawa. Kusoma faili moja la mipangilio hakutoshi, kwa sababu `nginx` huvuta vipande kutoka mafaili mengine. Amri ya `nginx -T` huchapisha mipangilio yote kama seva inavyoiona baada ya kuunganisha kila kitu, kwa hiyo tulilinganisha hiyo:

```
diff <(ssh majaribio sudo nginx -T) \
     <(ssh prodaksheni sudo nginx -T)
```

Ukiondoa majina ya tovuti na vyeti, ilibaki mistari mitatu iliyopo prodaksheni tu:

```
keepalive 16;
proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Connection "";
```

Bila mistari hii, katika toleo tunalotumia, `nginx` hufungua muunganisho mpya kwa Node kwa kila ombi na kuufunga likiisha. Ikiwepo, kila mchakato wa `nginx` huweka kando hadi miunganisho 16 iliyo wazi na kuitumia tena. Mtu yeyote anayetaka kasi ataiweka, na mwongozo wowote mzuri utakuambia uiweke. Mistari yenyewe haina kosa lolote.

Swali lililobaki ni hili: muunganisho ukikaa bila kazi, nani ataufunga, na lini?

Kwa `nginx`, kikomo cha msingi cha muunganisho wa aina hiyo ni sekunde 60. Kwa Node, `server.keepAliveTimeout` ni milisekunde 5000. Sekunde tano.

Yaani `nginx` inaamini muunganisho ni mzima kwa dakika nzima, na Node inautupa baada ya sekunde tano. Kwa kawaida hilo halidhuru. Node ikiufunga, `nginx` inaona taarifa ya kufungwa na kuutoa kwenye akiba yake. Balaa huja pale ombi linapoondoka wakati uleule ambapo Node inafunga.

Kwenye jaribio la mzigo la mwenzangu, miunganisho haikupata sekunde tano za kupumzika. Foleni ndefu ya wakulima ilifanya vivyo hivyo. Mkulima mmoja kila baada ya muda kidogo, hapo ndipo sekunde tano zinapatikana.

## Milisekunde mia mbili zisizo na maelezo

Hata hivyo sikuridhika. Programu mbili kwenye mashine moja huzungumza kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Kwa ombi kugongana na ufungaji katika upenyo mwembamba kiasi hicho, ilipaswa kuwa bahati mbaya ya mara moja kwa msimu. Sisi tulikuwa tunaipata kila jioni.

Nikabadilisha muundo wa logi ya maombi ili uonyeshe si tu jibu aliloliona karani, bali pia jibu ambalo `nginx` ililipata kutoka nyuma, na muda wa kila hatua:

```
log_format chunguza '$time_iso8601 $request_method $uri '
  '$status $upstream_status '
  '$request_time $upstream_response_time';
```

Jioni iliyofuata mistari ya namna hii ikaanza kujitokeza:

```
14:41:07 POST /mizani   502 502      0.212 0.212
14:58:33 GET  /wakulima 200 502, 200 0.241 0.219, 0.022
```

(Nimefupisha tarehe.)

Soma mstari wa pili taratibu, maana ndio uliobadilisha kila kitu kwangu. Simu ilipata 200, karani aliona orodha ya wakulima, hakuna aliyelalamika. Lakini kwa nyuma kulikuwa na majibu mawili yaliyotenganishwa kwa koma: kwanza 502, kisha 200. `nginx` iligonga muunganisho uliokufa, ikanyamaza, ikajaribu upya, ikafaulu. Ombi la `GET` ni la kusoma tu, kulirudia hakuharibu kitu. Ombi la `POST` hairudii ikiwa imeshalituma, tangu toleo la 1.9.13, kwa sababu haiwezi kujua kama Node ilishaandika uzani ule au la. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye maombi ya kila aina, ila wa kuhifadhi tu ndio walioachwa waumie hadharani. Tulikuwa tunahesabu nusu ya hitilafu, pengine chini ya hapo.

Sasa zile 0.212. Kama muunganisho ulikuwa umeshafungwa, `nginx` ingekataliwa papo hapo. Badala yake ilisubiri zaidi ya milisekunde mia mbili ndipo ikakatwa. Node ilikuwa inafanya nini muda wote huo?

Logi ya programu, ile niliyoiita kimya, ilikuwa na jibu, si kwenye mistari ya mizani bali kwenye ya risiti. Kila baada ya sekunde chache kazi ya pembeni hukusanya uzani mpya na kutengeneza risiti za PDF. Kwenye laptopu zetu ni risiti moja ya mfano, haihisiki. Prodaksheni ni risiti za vituo vyote, na kila rundo lilichukua kati ya milisekunde mia mbili na mia nne. Node huendesha msimbo wetu kwa uzi mmoja. Ikiwa imeshika PDF, haisomi soketi, haihesabu saa, haifanyi kingine chochote.

Fuata sasa hatua kwa hatua. Muunganisho umekaa bila kazi sekunde 4.9. Node inaanza kutengeneza risiti. Karani anabonyeza Hifadhi, `nginx` inachukua muunganisho uleule na kutuma uzani. Kerneli ya Linux inaupokea na kuuweka kwenye foleni ya soketi, kama barua iliyosukumwa chini ya mlango wa ofisi. Node inamaliza risiti. Katika mzunguko wake, zamu ya saa zilizoisha huja kabla ya zamu ya kusoma soketi. Inaangalia saa: sekunde tano zimepita. Inafunga soketi bila kusoma kilichomo. Na Linux, ikifunga soketi yenye data ambayo haijasomwa, haiagi kwa adabu. Inatuma RST, yaani kata. Ndiyo ile `Connection reset by peer`.

Upenyo wa kufumba na kufumbua ulikuwa umepanuliwa na risiti hadi robo sekunde.

Nilithibitisha kwa kusikiliza pakiti ndani ya mashine:

```
tcpdump -i lo -nn \
 'tcp port 3000 and tcp[tcpflags] & (tcp-fin|tcp-rst) != 0'
```

Kwa kila 502, RST ilitoka upande wa 3000. Nikalinganisha na jibu la mwisho lililopita kwenye muunganisho huohuo: sekunde tano na ushee. Kisha nikaijenga kwenye laptopu: `nginx` yenye mchakato mmoja, mistari ile mitatu, kitanzi kinachotuma `POST` na kulala sekunde tano, na programu inayojishughulisha robo sekunde kila mara. Hitilafu iliyokuwa ya prodaksheni peke yake ikaja mezani kwangu bila kubembelezwa.

## Ushindi wa uongo

Tulianza na risiti. Tuliihamishia PDF kwenye mchakato wake wenyewe, jambo ambalo lingefanyika hata bila haya yote. Jioni mbili zikapita karani asipige simu. Mwenzangu akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kwenye logi, mistari ya `502, 200` ilikuwa imepungua sana lakini ipo. Tulikuwa tumerudisha upenyo kuwa mwembamba, hatukuwa tumeuziba. Chochote kitakachoshika uzi wa Node siku zijazo, iwe ripoti kubwa au usafishaji wa kumbukumbu, kingeupanua tena, na safari hiyo hakuna atakayekumbuka habari ya sekunde tano.

Kulikuwa na njia ya mkato mezani: kuiambia `nginx` irudie hata `POST`, kwa kuongeza neno `non_idempotent` kwenye `proxy_next_upstream`. Mstari mmoja na malalamiko yanaisha. Niliikataa. Katika ajali hii mahususi Node haikuwa imesoma ombi, kwa hiyo kulirudia kungekuwa salama. Lakini neno lile halichagui ajali. Siku Node itakapoukata muunganisho baada ya kuandika kilo 32 na kabla ya kujibu, `nginx` itaziandika tena, na mkulima atakuwa na kilo 64 kwenye daftari. Kwenye ushirika wa kahawa kilo ni fedha, na kosa la kuzidisha hugunduliwa kwenye malipo, miezi baadaye, mbele ya mkutano.

Mwenzangu yeye alitaka tufute mistari mitatu ya `keepalive`. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka ikubalike: kwenye mashine moja, kufungua muunganisho mpya hakugharimu chochote cha kuhisiwa. Tuliiacha kwa sababu programu inahamia kwenye mashine yake yenyewe, na huko gharama itakuwepo.

Tulichofanya ni hiki:

```
const server = app.listen(3000);
server.keepAliveTimeout = 65_000;
```

Sekunde 65, zaidi ya 60 za `nginx`. Sasa anayetuma maombi ndiye anayefunga wa kwanza, na hawezi kutuma kwenye muunganisho alioufunga mwenyewe. Ungeweza kufika hapohapo kwa upande wa pili, kwa kuweka `keepalive_timeout 4s` ndani ya `upstream`. Muhimu ni nani mwenye muda mfupi, na pengo kati yao lizidi muda wowote ambao Node inaweza kushikwa. Mistari ya `502, 200` ikatoweka siku hiyohiyo. Seva ya majaribio nayo ikapewa mistari ile mitatu.

## Kilichobaki wazi

Tukiwasha upya programu katikati ya jioni, miunganisho iliyopo hukatwa na `POST` iliyo njiani inaweza kupata 502 ileile. Sekunde 65 hazisaidii hapo. Kwa sasa hatuwashi upya mizani ikiwa kazini. Dawa yenyewe ni simu kuupa kila uzani namba yake kabla haujatumwa, na hifadhidata kukataa namba ikija mara ya pili. Hapo karani anaweza kubonyeza Hifadhi mara anazotaka, na hata `nginx` inaweza kuruhusiwa kurudia. Kazi hiyo imeanza, haijaisha.

Wakati huohuo niliweka muundo ule wa logi kwenye seva nyingine tunayoitunza, ya kampuni ya kupokea watalii huko Arusha. Wao hawajawahi kulalamika. Tovuti yao karibu yote ni ya kusoma: picha, ratiba, bei za safari. Asubuhi iliyofuata nilitafuta koma:

```
grep -c '502, 200' /var/log/nginx/chunguza.log
```

Haikurudisha sifuri.